Kokeini: kwa nini inatia ganzi na kwa nini inaamsha ubongo (maswali yanayoulizwa mara kwa mara)

Kokeini inatoka wapi?

Inatoka kwenye majani ya koka, kichaka kinachostawi kwenye miteremko ya milima ya Andes, hasa Peru, Bolivia na Kolombia. Jani kavu huwa na kokeini kidogo sana, kwa kawaida kati ya nusu gramu na gramu moja katika kila gramu 100 za majani. Wenyeji wa huko wameyatafuna kwa maelfu ya miaka ili kupunguza njaa, uchovu na maumivu ya kichwa yanayoletwa na hewa nyembamba ya milimani. Mkemia Mjerumani Albert Niemann aliitenga kokeini safi huko Göttingen mwaka 1859 na kuichapishia taarifa mwaka 1860. Katika maelezo yake aliandika pia kwamba ukiionja, ulimi unakufa ganzi. Jambo hilo lilikaa kwenye maandishi kwa zaidi ya miaka 20 kabla ya daktari kuona faida yake.

Ni kweli kokeini ni dawa ya ganzi?

Ndiyo, na ndiyo iliyoanza kabla ya nyingine zote. Mwaka 1884 Carl Koller, daktari kijana wa Vienna, alidondosha maji ya kokeini kwenye jicho la chura, akaligusa, na chura hakushtuka. Akajaribu kwa sungura na mbwa, kisha kwenye jicho lake mwenyewe. Taarifa yake ilisomwa kwenye mkutano wa madaktari wa macho mjini Heidelberg tarehe 15 Septemba mwaka huo. Ilisomwa na mwenzake, kwa sababu Koller hakuwa na nauli ya kufika huko.

Ili kuelewa uzito wa habari hiyo, fikiria upasuaji wa mtoto wa jicho ukifanywa kwa mtu aliye macho kabisa, anayehisi kila mguso wa kisu, huku akiambiwa asitikise jicho. Ndivyo ilivyokuwa. Baada ya Heidelberg, habari ilienea Ulaya na Marekani ndani ya wiki chache. Mjini New York, daktari wa upasuaji William Halsted alianza kuichoma karibu na neva kubwa ili kutia ganzi sehemu nzima ya mwili. Yeye na baadhi ya wenzake walijijaribia wenyewe, na Halsted akawa mraibu. Kwa hiyo nyuso zote mbili za kokeini zilijulikana karibu kwa wakati mmoja, ndani ya hospitali.

Ganzi inatokeaje?

Neva hupeleka taarifa ya maumivu kwa umeme, na umeme huo unatengenezwa na ioni za sodiamu, yaani chembe zenye chaji ya umeme. Nje ya seli ya neva sodiamu ni nyingi, ndani ni kidogo. Kwenye utando wa seli kuna protini zenye tundu katikati, ambazo hapa nitaziita vijia vya sodiamu. Neva ikichokozwa, vijia hivyo hufunguka kwa muda mfupi sana, chini ya sehemu moja ya elfu ya sekunde, na sodiamu inamiminika ndani. Kumiminika huko hufungua vijia vya jirani, navyo hufungua vinavyofuata, na hivyo taarifa husafiri kutoka kidoleni hadi kwenye uti wa mgongo.

Kokeini hukaa ndani ya tundu hilo na kulizuia. Sodiamu isipopita, umeme haujengeki, na taarifa inaishia pale pale. Jeraha bado lipo, lakini ubongo haujaambiwa.

Jambo ambalo wengi hulikosa ni kwamba kokeini hailiingii tundu kutoka nje. Inalishika kutoka upande wa ndani wa seli. Kwa hiyo kwanza lazima ipenye utando, na utando ni wa mafuta. Molekuli ya kokeini huwa katika hali mbili: yenye chaji ya umeme na isiyo na chaji. Isiyo na chaji hupenya mafuta kwa urahisi. Ikishaingia ndani, sehemu kubwa hupata chaji tena, na hiyo yenye chaji ndiyo inayoshika tundu vizuri. Tena hushika zaidi kwenye neva zinazofanya kazi sana, maana vijia vinavyofunguka mara kwa mara huipa nafasi nyingi za kuingia.

Hiyo chaji ina umuhimu gani kwa mtu wa kawaida?

Inaeleza mambo mawili ambayo watu huyaona bila kujua sababu.

La kwanza ni la Andes. Watafunaji wa koka hawatafuni majani matupu. Huongeza majivu ya mimea au chokaa kidogo. Majivu ni alkali, na alkali huiondolea kokeini chaji, kwa hiyo inapenya ngozi laini ya shavu. Shavu linakufa ganzi na kiasi kidogo kinaingia kwenye damu taratibu.

La pili ni la kwenye kiti cha daktari wa meno, na linahusu dawa zote za ganzi za aina hii, ikiwemo lignokeini tunayochomwa siku hizi. Katika mwili wenye hali ya kawaida, ambapo kipimo cha asidi kiitwacho pH ni 7.4, karibu molekuli 6 kati ya kila 100 za kokeini ndizo zisizo na chaji. Kwenye jino lenye usaha, nyama huwa na asidi zaidi. Ikishuka hadi pH 6.6, idadi hiyo inabaki kama 1 tu kati ya 100. Dawa imechomwa ile ile, kiasi kile kile, lakini inayopenya hadi ndani ya neva ni kidogo sana. Ndiyo maana mgonjwa mwenye jipu la jino husema sindano haijashika, na mara nyingi anasema kweli. Daktari mzuri humwamini, akachoma mbali zaidi na usaha, kwenye shina la neva, au akatibu jipu kwanza.

Sasa dopamini inaingiaje hapa?

Inaingia kupitia protini nyingine kabisa, isiyohusiana na vijia tulivyovieleza. Baadhi ya seli za ubongo huwasiliana kwa kumwaga kemikali iitwayo dopamini kwenye mwanya mwembamba kati yake na seli inayofuata. Dopamini ikishafikisha ujumbe, lazima iondolewe ili ujumbe mwingine usikike. Kazi hiyo hufanywa na kisafirishi cha dopamini, protini iliyoko kwenye seli ile ile iliyoimwaga. Kisafirishi huelekeza mdomo wake nje, huchukua dopamini moja pamoja na ioni 2 za sodiamu na moja ya kloridi, kisha hujipindua na kuzitua ndani. Dopamini iliyorudi hufungashwa upya na kutumika tena.

Kokeini hukaa mahali pale pale ambapo dopamini ingekaa. Lakini tofauti na dopamini, haisafirishwi. Inakuwa kama kabari iliyochomekwa mlangoni: kisafirishi kinabaki kimeelekea nje, hakiwezi kujipindua. Wanasayansi waliona hali hiyo kwa picha za umbo la protini, kwanza kwenye kisafirishi cha nzi wa matunda, na mwaka 2024 kwenye kile cha binadamu.

Matokeo yake ni kwamba dopamini inayomwagwa inarundikana kwenye mwanya na kuendelea kugonga seli inayofuata. Hili hutokea kwa nguvu katika eneo linaloitwa akumbensi, ambalo hutuambia kuwa jambo fulani linafaa kurudiwa. Kwa kawaida hupata mguso mfupi tu: chakula baada ya njaa, sauti ya mtu unayempenda. Kokeini hulipa mguso mrefu usio na sababu yoyote nje ya kokeini yenyewe, na ubongo unajifunza kuifuata.

Kwa hiyo kokeini inatengeneza dopamini?

Hapana. Haitengenezi hata moja. Inazuia iliyomwagwa isirudishwe. Kama seli haimwagi kitu, kokeini haina cha kurundika. Shika hili, kwa sababu litaturudia kwenye habari ya macho.

Tunajuaje kwamba raha inatokana na dopamini na si ganzi?

Ushahidi rahisi kuliko wote ni lignokeini. Inazuia vijia vya sodiamu vizuri, watu wengi duniani huchomwa kila siku, na hakuna anayerudi kwa daktari wa meno akiitamani. Haishiki kisafirishi cha dopamini.

Ushahidi wa pili ulitoka Marekani. Mwaka 1997 timu ya Nora Volkow ilipiga picha za ubongo wa watumiaji wa kokeini kwa vipimo vya mionzi. Iligundua kwamba dozi ambazo watu hutumia huziba kati ya asilimia 60 na 77 ya visafirishi vya dopamini, na kwamba mtu hahisi kitu mpaka takriban asilimia 47 vizibwe.

Ushahidi wa tatu, kwa maoni yangu, ndio mzuri zaidi. Mwaka 2006 watafiti wa jimbo la Ohio walichapisha habari za panya ambao kisafirishi chao kilibadilishwa sehemu 3 ndogo, kiasi kwamba kiliendelea kubeba dopamini lakini kokeini haikuweza kukishika vizuri. Vijia vya sodiamu vya panya hao havikuguswa. Wakapewa kokeini. Dopamini haikupanda kwenye akumbensi, na panya hawakuonyesha kupenda chumba walichopewa kokeini, tofauti na panya wa kawaida ambao hukirudia kila wakifunguliwa. Ganzi ilikuwa bado inawezekana katika miili yao, raha haikuwepo.

Je, kuna mahali tunaweza kuona kazi hizi mbili zikitengana kwa macho yetu?

Kuna mahali, na ni kwenye jicho la binadamu. Kokeini haishiki kisafirishi cha dopamini peke yake. Inashika pia ndugu zake wawili, cha serotonini na cha noradrenalini, kemikali nyingine za neva. Noradrenalini ndiyo inayopanua mboni ya jicho, na neva zinazoileta hutoka kwenye ubongo, hushuka hadi kifuani, kisha hupanda tena shingoni hadi jichoni. Njia hiyo ndefu ikikatika popote, kwa mfano kwa uvimbe kwenye ncha ya pafu, upande huo kope hulegea na mboni husinyaa. Madaktari huita hali hiyo sindromu ya Horner.

Tuseme mgonjwa amekuja, kope la kushoto limelegea. Mboni ya kulia ina milimita 4, ya kushoto 3. Lakini watu wengi wazima kabisa wana mboni zisizolingana. Utajuaje? Daktari anadondosha kokeini ya asilimia 4 hadi 10 kwenye macho yote mawili, kisha anasubiri karibu saa moja na kupima kwenye mwanga hafifu.

Jicho la kulia lina neva nzima. Neva humwaga noradrenalini kidogo kidogo wakati wote, kokeini inazuia isirudishwe, inarundikana, na mboni inapanuka hadi, tuseme, milimita 6.5. Jicho la kushoto halimwagiwi kitu, au linamwagiwa kidogo mno. Kokeini imezuia kurudishwa kwa kitu ambacho hakipo. Mboni inabaki 3.2. Tofauti ya milimita 0.8 au zaidi baada ya matone inatosha kuthibitisha ugonjwa. Hapa ni 3.3. Mtu ambaye mboni zake hutofautiana kwa maumbile tu, zote mbili zingepanuka na tofauti ingebaki ndogo.

Sasa gusa macho yote mawili kwa ncha ya pamba. Yote mawili yamekufa ganzi. Neva za hisia za konea, utando wa mbele wa jicho, ni nzima kila upande, na vijia vyake vya sodiamu vimezibwa kila upande. Dawa ile ile, dakika zile zile, mtu yule yule: ganzi mbili, upanuzi mmoja. Sijui mfano mwingine unaoonyesha kwa uwazi hivi kwamba hizi ni kazi mbili.

Kipimo hiki kinapungua siku hizi. Kokeini ni ngumu kupatikana kihalali, na mgonjwa aliyedondoshewa anaweza kukutwa nayo kwenye mkojo kwa siku moja au mbili, jambo linaloweza kumponza kazini. Wengi hutumia matone ya apraklonidini badala yake.

Kwa nini ganzi hubaki mahali pamoja, lakini msisimko unaenea?

Kwa sababu ya kiasi kinachohitajika. Visafirishi huzibwa na kokeini kidogo sana: chini ya maikromoli moja kwa lita, kipimo cha wingi wa molekuli, hutosha kuziba nusu yake. Vijia vya sodiamu vya neva huhitaji makumi hadi mamia ya maikromoli.

Piga hesabu. Mtumiaji anaweza kuwa na nanogramu kama 300 za kokeini katika kila mililita ya damu. Hiyo ni karibu maikromoli 1 kwa lita: inatosha kwa visafirishi vya ubongo, haitoshi kutia ganzi vidole vyake. Upande wa pili, kuna maji ya kokeini ya asilimia 4 ambayo daktari wa pua hupaka kwenye pamba. Yana miligramu 40 katika mililita, sawa na zaidi ya maikromoli laki moja kwa lita. Pale pamba inapogusa, hata baada ya kuchanganyika na majimaji ya mwili, kinachobaki ni kingi kupita mahitaji. Ndiyo maana ganzi hufuata mguso, na msisimko hufuata damu.

Kwa nini msisimko huisha haraka?

Kokeini huvunjwa na vimeng'enya vya damu na ini, na nusu yake hutoweka kwenye damu kwa takriban saa moja. Ubongoni hupungua mapema zaidi. Lakini kasi ya kupanda ndiyo yenye madhara zaidi. Methilfenideti, dawa ya watoto wasioweza kutulia, huziba kisafirishi kile kile cha dopamini, hata zaidi ya nusu, na bado mtoto aliyemeza kidonge halewi. Kidonge hupanda kwa saa moja au zaidi. Kokeini iliyovutwa kama moshi au kuchomwa mshipani hufika kwa sekunde na kufikia kilele kwa dakika chache. Mtafunaji wa jani la koka yuko karibu na kidonge kuliko na sindano.

Ni sawa na miraa?

Zinafanana kwa kuwa ni majani yanayotafunwa na huongeza dopamini. Njia ni tofauti. Kathinoni ya miraa hubebwa na kisafirishi hadi ndani ya seli, kisha huifanya seli imwage dopamini kwa kupitia kisafirishi hicho hicho kikifanya kazi kinyume. Kokeini haiingii, inaziba tu. Katika hili miraa ni jamaa wa amfetamini.

Unga ukitia ganzi ulimi, ni kokeini?

Si uthibitisho. Wauzaji huchanganya lignokeini au benzokeini kwa makusudi, kwa sababu zinatia ganzi na ni za bei rahisi. Ulimi unapima vijia vya sodiamu tu, na dawa nyingi zinaviziba.

Kwa nini pua ya mtumiaji hutoboka?

Noradrenalini ikirundikana kwenye kuta za mishipa ya damu, mishipa hubana. Kwa daktari wa pua hiyo ni faida: ganzi na kupungua kwa damu kwa dawa moja, ilhali lignokeini hulazimika kuongezewa adrenalini. Marekani bado ina maji ya kokeini yaliyoidhinishwa kwa kazi hiyo, moja mwaka 2017 na jingine mwaka 2020. Kwa anayevuta unga kila siku, gegedu linalotenga tundu za pua hukosa damu tena na tena, na kwa kuwa pana ganzi, haoni maumivu ya kumwonya. Dalili za mwanzo ni ukoko usiopona, damu puani na mluzi wakati wa kupumua.

Ikizidi, ni kazi ipi kati ya hizo mbili inayoua?

Zote mbili, kwa wakati mmoja. Kurundikana kwa noradrenalini huupandisha mwendo wa moyo na shinikizo la damu, huku mishipa inayolisha moyo ikibana. Moyo unataka damu zaidi na unapata kidogo. Utafiti wa Marekani wa mwaka 1999 uliona hatari ya shambulio la moyo ikipanda mara 24 katika saa ya kwanza baada ya kutumia.

Kiasi kikizidi sana, uzuiaji wa sodiamu ambao ulikuwa wa puani tu huanza kuonekana moyoni. Umeme wa moyo pia huanzishwa na sodiamu. Kwenye karatasi ya ECG, kipimo cha umeme wa moyo, wimbi linaloitwa QRS, ambalo kwa kawaida halizidi milisekunde 120, linapanuka. Hapo mapigo yanaweza kuvurugika na kusimama. Mgonjwa aliyepata degedege yuko hatarini zaidi, kwa kuwa degedege hujaza damu asidi, na asidi huzidisha uzuiaji huo. Tiba ya QRS iliyopanuka ni sodiamu baikaboneti mshipani: inaleta sodiamu zaidi na inapunguza asidi. Degedege na fadhaa hutulizwa kwa dawa za jamii ya diazepamu, na joto la mwili hushushwa haraka. Mtu mwenye maumivu ya kifua, degedege au joto kali baada ya kutumia apelekwe hospitali mara moja, na daktari aambiwe ukweli, kwa sababu matibabu yanategemea ukweli huo.

Kwa nini hakuna dawa ya kuzuia kokeini isishike kisafirishi?

Kwa sababu kokeini na dopamini hukaa mahali pamoja. Dawa itakayokaa hapo ili kuizuia kokeini itaizuia dopamini pia, na hivyo kufanya kazi ile ile ya kokeini. Aliyezidisha heroini ana naloksoni, kwa kuwa heroini hushika kipokezi ambacho kinaweza kuzibwa bila kukiamsha. Kwa kokeini nafasi hiyo ni finyu mno. Watafiti wanatafuta molekuli zinazoshika kisafirishi kikiwa kimeelekea ndani, hali ambayo kokeini haiipendi, na wengine wanajaribu chanjo za kuikamata kwenye damu kabla haijafika ubongoni. Kwa sasa kinachosaidia zaidi ni ushauri nasaha, pamoja na mipango inayompa mtu zawadi ndogo papo hapo kila kipimo cha mkojo kinapotoka safi.